Filamu za Maafa na za Kunusurika: Kupima Uhalisia, Taharuki na Machungu

Filamu za maafa na filamu za kunusurika huwekwa fungu moja, ingawa hazifanyi kazi kwa namna moja. Filamu ya maafa huonyesha janga linaloupata mji, nchi au dunia nzima: tetemeko, volkano, mafuriko, tauni. Nguvu yake ni ukubwa wa janga lenyewe, na wahusika huwa wengi kiasi kwamba baadhi yao hufa kabla mtazamaji hajayashika majina yao. Filamu ya kunusurika humfuata mtu mmoja au kikundi kidogo kilichokwama jangwani, baharini, mlimani au pangoni, na nguvu yake ni muda. Njaa ya siku ya tatu si njaa ya siku ya ishirini.

Anayetafuta filamu ya namna hii kwa kawaida huuliza kama inatisha, na swali hilo moja hubeba maswali matatu. La kwanza ni la uhalisia: je, mambo haya yangeweza kutokea hivi? La pili ni la taharuki: je, filamu itambana mtazamaji kwa nguvu gani, na kwa muda gani bila kumpa nafasi ya kupumua? La tatu ni la machungu: je, atakachokiona kitamuumiza kiasi gani, na kitamkaa kichwani hadi lini? Vipimo hivi havipandi wala kushuka pamoja. Ipo filamu ya uongo mtupu isiyomuumiza mtu, ipo ya kweli inayotazamika na familia nzima, na ipo ya kweli inayomkosesha mtu usingizi. Anayejutia filamu aliyoichagua mara nyingi alikuwa amepima kimoja akasahau vingine.

Uhalisia ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu jicho la kawaida si hakimu mzuri wake. Mfano ni San Andreas, filamu ya mwaka 2015 ambayo steringi wake ni Dwayne Johnson. Ndani yake ufa mkubwa wa ardhi unaopita California unasababisha tetemeko la ukubwa wa 9.6, ardhi inapasuka na kuacha bonde refu, kisha tsunami inaifunika San Francisco. Ufa wa San Andreas upo kweli, na mwaka 1906 tetemeko lake liliibomoa San Francisco. Lakini pande mbili za ufa huo husuguana zikipishana ubavu kwa ubavu, na sehemu yake kubwa iko nchi kavu. Tsunami kubwa huzaliwa pale sakafu ya bahari inapoinuliwa au kushushwa ghafla, kama ilivyotokea karibu na Sumatra tarehe 26 Desemba 2004. Ufa unaoteleza nchi kavu hauwezi kuisukuma bahari kiasi hicho. Wala ardhi haifunguki ikaachama, kwa sababu tetemeko lenyewe linatokana na miamba iliyobanana kwa nguvu. Kungekuwa na nafasi katikati, msuguano usingekuwepo, na tetemeko pia.

Dante's Peak ya mwaka 1997, inayohusu volkano ya Marekani ya kaskazini-magharibi, ina sifa nzuri zaidi mbele ya wanajiolojia, na inafaa kuchambuliwa kwa sababu ukweli na uongo vimechanganywa humo. Dalili za mwanzo zinaaminika: miti inakauka, wanyama wanakufa, maji ya chemchemi yanapata joto ghafla. Hewa ya ukaa inayotoka ardhini huua kweli. Kuzunguka Goma hewa hiyo hukusanyika mabondeni, wenyeji wakaiita mazuku, na mifugo na watu wamekufa humo. Mvutano kati ya mtaalamu anayetaka watu wahamishwe na viongozi wanaohofia biashara ya mji nao unajulikana popote penye volkano. Uongo unaanza mlima unapolipuka. Volkano inayorusha majivu mazito namna ile kwa kawaida huwa na lava nzito isiyokwenda mbali, lakini filamu inaongeza lava nyepesi inayotiririka kama uji hadi kwenye nyumba ya bibi. Kisha gari linapita juu ya lava hiyo na kufika upande wa pili.

Mkazi wa Goma hahitaji kuambiwa na mwanajiolojia. Lava ya Nyiragongo ni miongoni mwa lava nyepesi kuliko zote duniani. Mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa kreta lilitoboka ubavuni likamwagika kwa muda usiofika saa moja, na Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. Watu walirudi na kutembea juu yake baada ya gamba la juu kuganda, huku chini bado kukiwa na moto. Kulipita gari wakati bado inang'aa nyekundu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu tairi ni mpira.

Kuna pia matukio yanayoonekana ya kubuni na kumbe yanawezekana. The Poseidon Adventure ya mwaka 1972 inaonyesha meli iliyopinduka, na abiria wakipanda ndani yake kuelekea sakafuni, ambako sasa ndiko juu. Wengi hucheka wazo la watu kuishi ndani ya meli iliyogeuka. Lakini kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara mnamo Septemba 2018, mtu mmoja alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili, kwa sababu alikuwa amepata mahali palipobaki na hewa. Mwaka 2013 mpishi wa boti ya Nigeria alikaa takribani siku mbili na nusu katika hali hiyohiyo, boti ikiwa chini ya bahari. Sehemu ya filamu hiyo inayostahili kutiliwa shaka ni mwisho wake, ambapo waokoaji wanakata tundu kwenye bamba la meli na watu wanatoka salama. Hewa iliyonaswa ndiyo inayoishikilia meli isizame. Tundu likitobolewa, hewa hutoka na maji hupanda kuchukua nafasi yake. Ziwa Victoria lililishuhudia jambo hilo mwaka 1996, MV Bukoba ilipokatwa ili kuwafikia waliokuwa wakigonga kutoka ndani, nayo ikazama.

Uhalisia wa maumbile ni nusu tu. Nusu nyingine ni ya watu, na hapo filamu ghali hukosea kuliko za bei nafuu. Kwa kawaida umati huonyeshwa ukipiga kelele na kukanyagana, kila mtu na roho yake. Watafiti wa maafa wamekuta kwa miaka mingi kwamba hofu ya namna hiyo ni nadra, na kwamba watu husaidiana hata wasipojuana. Tatizo la kawaida zaidi ni kinyume chake: watu huchelewa kuondoka. Hupokea onyo wakaanza kupigiana simu, kuuliza jirani anasemaje, kukusanya vyeti na kumsubiri mtoto aliye shuleni. Filamu ya Norway iitwayo Bølgen, ya mwaka 2015, imelishika jambo hili vizuri. Inahusu mlima wa Åkerneset, ambao kweli una ufa na kweli unafuatiliwa kwa vipimo mchana na usiku, kwa sababu ukiporomoka ndani ya maji utasukuma wimbi kuelekea mji wa Geiranger. Katika filamu watu wana dakika kumi. Watu wapo kwenye magari yaliyopanga foleni barabarani, na mama mmoja anakataa kuondoka hotelini kwa sababu mwanawe haonekani. Mtazamaji hawalaumu, naye angefanya hivyohivyo.

Kipimo cha haraka cha uhalisia, basi, ni kutazama mwili wa steringi baada ya nusu saa ya kwanza. Aliyeanguka, akaogelea maji ya barafu na kukosa chakula siku tatu anapaswa kutetemeka, kufikiri polepole na kuwa na majeraha yanayozidi kuharibika. Akiwa bado anakimbia na shati lake limechanika kwa kupendeza, filamu imeamua kuwa ya burudani. Hilo si kosa. Mwenye kutaka kupumzisha akili Ijumaa jioni anaweza kufurahia San Andreas kuliko filamu yoyote iliyo sahihi, mradi asidhani amejifunza la kufanya siku ya tetemeko.

Taharuki haitegemei uhalisia, na haitegemei hata kutojua mwisho. Ushahidi mzuri ni Thirteen Lives ya Ron Howard, ya mwaka 2022, kuhusu wavulana 12 na kocha wao walionaswa na maji katika pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018. Karibu kila anayeitazama anajua kwamba wote 13 walitoka hai. Bado ni vigumu kukaa kwa utulivu, kwa sababu filamu haiulizi kama watatoka, inaonyesha namna ya kuwatoa. Mvulana asiyejua kupiga mbizi lazima apitishwe kwenye maji yasiyoonekana kitu, kwenye nafasi finyu, kwa saa kadhaa. Akishtuka njiani atamuua mzamiaji wake pamoja naye. Uamuzi wa kuwalaza usingizi kwa dawa unaondoa hatari moja na kuleta nyingine, kwa kuwa dawa ikiisha nguvu kabla ya kufika nje lazima mzamiaji amchome mtoto sindano humohumo pangoni. Kila hatua ni hesabu, na mtazamaji anaifanya hesabu hiyo pamoja na waokoaji.

Howard alifanya vivyo hivyo mwaka 1995 katika Apollo 13, kuhusu chombo cha anga kilichoharibika mwaka 1970 kikiwa njiani kwenda mwezini. Humo hakuna adui wala mlipuko wa kila dakika kumi. Kuna umeme unaopungua, hewa ya ukaa inayoongezeka na wahandisi walioko duniani wanaomwaga mezani kifurushi cha vifaa, kisha wanatakiwa kuunda kichujio kwa vitu hivyo tu, kwa sababu ndivyo vilivyomo chomboni. Filamu hii na ile ya pango zina taharuki ya juu sana na machungu kidogo, na ndiyo maana zinafaa kwa anayependa kubanwa bila kuumizwa.

Taharuki ya namna nyingine hutokana na ukimya. All Is Lost ya mwaka 2013 ina mwigizaji mmoja tu, Robert Redford, akiwa peke yake katika Bahari ya Hindi kwenye mashua iliyotobolewa na kontena lililoanguka kutoka melini. Karibu hasemi kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtazamaji husikia mbao zikilia, maji yakiingia, kamba ikikaza. Mabaharia wameikosoa kwamba mtu mwenye uzoefu angekuwa na vifaa zaidi vya kuomba msaada, na wana haki, lakini asiyejua bahari hatalitambua hilo. Filamu hii inapoteza nguvu zake katika kibanda umiza chenye mtafsiri mahiri. DJ wa kutafsiri hulazimika kujaza kila pengo kwa maneno na utani, na taharuki ya filamu hii iko ndani ya mapengo hayo. San Andreas, kwa upande wake, huenda ikanoga zaidi ikitafsiriwa.

Machungu ndiyo yanayopimwa vibaya kuliko yote, kwa sababu watu hudhani yanalingana na idadi ya waliokufa. Katika 2012, filamu ya Roland Emmerich ya mwaka 2009, karibu dunia nzima inaangamia. Miji inateleza baharini na milima inafunikwa na maji. Mtazamaji anakula bisi zake kwa amani, kwa sababu vifo vinaonekana kutoka angani, majengo yanaanguka kama vifaa vya kuchezea, na hakuna uso unaobaki mbele ya kamera. Katika The Impossible ya J. A. Bayona, ya mwaka 2012, familia moja inatenganishwa na tsunami ya mwaka 2004 huko Khao Lak, Thailand. Ni kisa cha kweli cha familia ya María Belón, Mhispania, ingawa filamu iliwapa wahusika sura ya Waingereza. Watu watano wa familia hiyo wote wanapona. Lakini filamu hii huumiza kuliko 2012, na sababu zake zinaeleweka.

Wimbi lenyewe ni sehemu fupi. Linalotisha ni kwamba maji si maji matupu: yamebeba matawi, vioo, magodoro na mabati, na kamera inakaa chini ya maji pamoja na mama anayechomwa na kugongwa na vitu hivyo. Anapoibuka, mguu wake umechanika nyuma kiasi kwamba mwanawe wa kwanza, mvulana wa umri wa kuanza sekondari, anageuza uso na kusema hawezi kuutazama. Kisha inafuata sehemu ndefu ya hospitali, ambako mama anazidi kuisha rangi, mgonjwa wa kitanda cha pili anatapika vitu vilivyoingia mwilini, na mtoto anaambiwa akawatafutie watu wengine ndugu zao. Kwa wengi sehemu hiyo ni nzito kuliko wimbi.

Kwa ufupi, kinachoumiza ni ukaribu wa kamera na mwili mmoja, sauti, mtoto anayelazimika kuwa mtu mzima, na muda unaotumika baada ya janga. Mfano wa sauti ni 127 Hours ya mwaka 2010, kuhusu Aron Ralston aliyebanwa mkono na jiwe katika korongo la Utah mwaka 2003 na kulazimika kuukata. Tukio la kukata ni dogo kwa urefu ukililinganisha na filamu nzima, na kuna wanaofumba macho lakini bado wanalisikia, hasa pale kisu kinapogusa mshipa wa fahamu na muziki kugeuka mlio mkali. Kwa mtazamaji wa namna hiyo, kupunguza sauti kunasaidia kuliko kufumba macho.

Jambo la mwisho linalozidisha machungu halimo ndani ya filamu hata kidogo. Ni historia ya anayetazama. Mtu wa Pemba aliyempoteza nduguye katika MV Spice Islander mwaka 2011 hawezi kuitazama meli inayozama kama anavyoitazama mtu wa Dodoma. The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka 2019, aliyoiongoza Chiwetel Ejiofor, haina damu wala mlipuko. Inaonyesha njaa ya Malawi ya miaka ya 2001 na 2002 kupitia kisa cha William Kamkwamba, ikiwa ni pamoja na familia inayopunguza milo hadi kubaki mmoja kwa siku na mbwa anayekufa kwa kukosa chakula. Kwa aliyekulia mjini ni filamu ya kutia moyo kuhusu kijana aliyetengeneza kinu cha upepo. Kwa aliyewahi kuhesabu visaga vya unga vilivyobaki ghalani, nusu yake ya kwanza ni nzito sana.

Alama za umri zinazowekwa kwenye filamu zinasaidia, lakini zina mipaka yake. San Andreas, 2012 na The Impossible zote tatu zilipewa alama ya PG-13 huko Marekani, yaani mzazi awe mwangalifu kwa mtoto aliye chini ya miaka 13. Alama hiyo hupima vitu vinavyohesabika: damu kiasi gani, matusi mangapi, uchi kiasi gani. Haipimi huzuni wala ukaribu. Matusi machache yanaweza kuipandisha filamu isiyoumiza, na filamu inayoponda moyo ikabaki chini. Bodi ya Kenya, KFCB, ina madaraja ya GE, PG, 16 na 18, nayo hutoa mwanga wa jumla tu kwa sababu hiyohiyo. Sentensi fupi inayoambatana na alama, ile inayotaja kama kuna majeraha ya kutisha au matukio ya maafa, huwa na habari zaidi kuliko alama yenyewe.

Maelezo ya kina hupatikana kwenye tovuti ya IMDb, ndani ya ukurasa wa filamu husika, chini ya kichwa cha Parents Guide. Watazamaji huandika humo tukio kwa tukio, na sehemu inayohusu filamu za aina hii ni Violence & Gore pamoja na Frightening & Intense Scenes. Tovuti ya Does the Dog Die hujibu maswali mahususi: je, mnyama anakufa, mtoto anakufa, mtu anazama, kuna sindano? Ubaya wa kurasa hizi mbili ni kwamba hufichua kisa. Dawa yake ni kumwomba mtu mwingine asome na kujibu maswali mawili au matatu tu, hasa pale filamu inapotafutwa kwa ajili ya mtoto au mtu mwenye msiba.

Namna vipimo vitatu vinavyofanya kazi pamoja huonekana wazi pale tukio moja linapotengenezewa filamu mbili. Tarehe 13 Oktoba 1972 ndege ya jeshi la anga la Uruguay iliyobeba timu ya raga, ndugu na marafiki zao ilianguka katika milima ya Andes, ikiwa na watu 45. Baada ya siku 72 waliokuwa hai ni 16. Chakula kiliisha upesi, juu ya theluji hakuna kinachoota, na walipona kwa kula nyama ya wenzao waliokufa. Frank Marshall alitengeneza Alive mwaka 1993, na J. A. Bayona, yuleyule wa The Impossible, akatengeneza La sociedad de la nieve mwaka 2023, ambayo kwenye Netflix huonekana pia kwa jina la Society of the Snow.

Katika uhalisia, ya Bayona imeshinda bila ubishi. Waigizaji wengi ni wa Uruguay na Argentina, wanazungumza Kihispania, na wanakonda mbele ya macho ya mtazamaji. Midomo inapasuka, mkojo unakuwa mweusi, mikono haifungi vifungo. Katika Alive vijana wanazungumza Kiingereza cha Marekani na wanaonekana wamechoka zaidi kuliko walivyo na njaa. Hata hivyo Alive si ya uongo: Nando Parrado, mmoja wa walionusurika, aliishauri, na mfululizo wa matukio ni uleule.

Katika taharuki tofauti ni ya ujanja zaidi. Alive inaanza na mmoja wa walionusurika akiwa mtu mzima, akisimulia, kwa hiyo mtazamaji anajua tangu mwanzo kuna waliopona na anaifuata safari ya kutafuta msaada kama kisa cha ujasiri. Ya Bayona inasimuliwa na Numa Turcatti, na mtazamaji aliyezoea kwamba msimulizi hafi huegemea hapo. Numa alikufa tarehe 11 Desemba, siku chache kabla ya wokovu. Filamu inaendelea kwa sauti yake, na kuanzia hapo hakuna anayejiona salama. Tukio la maporomoko ya theluji ya tarehe 29 Oktoba linaonyesha mkono wa mwongozaji huyu. Usiku theluji inaingia ndani ya mabaki ya ndege na kuwafunika waliolala. Kioo kinakuwa cheusi, kinasikika kishindo, kisha pumzi tu. Mmoja aliyetoka anaanza kufukua kwa mikono bila kujua anafukua wapi, na kila anayemfikia uso anamwacha na kukimbilia mwingine. Watu wanane walikufa usiku ule, na waliobaki walikaa siku tatu ndani ya nafasi ndogo pamoja na maiti kabla ya kuweza kutoka. Bayona anaiachia sehemu hiyo muda mrefu kuliko inavyostahimilika kwa urahisi.

Kuhusu machungu, wengi hukosea wanapotabiri. Wanaogopa ulaji wa nyama ya watu, na kwa hilo filamu mpya ina staha kuliko ya zamani. Ukataji unafanywa mbali, nyuma ya mabaki ya ndege, na watu watatu waliokubali kuubeba mzigo huo ili wengine wasijue ni mwili wa nani. Alive inaonyesha kipande cha kioo kikikata. Kinachoumiza katika ya Bayona ni mahali pengine: tukio la ajali, ambapo viti vinang'oka na kusukumana mbele, na mifupa inavunjika kwa sauti, kisha majina. Kila anapokufa mtu, jina lake la kweli na umri wake vinaandikwa kwenye kioo, wengi wao wakiwa na miaka ishirini na kitu. Alive ilibadilisha majina ya baadhi ya waliokufa.

Kwa hiyo uchaguzi kati ya hizo mbili unategemea nani anatazama. Mwenye safari ya ndege wiki hiyo aziepuke zote mbili, kwa kuwa tukio la ajali liko mapema na hakuna namna ya kulikwepa bila kuacha mwanzo wa kisa. Kijana wa sekondari ya juu anayetaka kukijua kisa bila kuzamishwa ndani yake anaweza kuanza na Alive, akiwa na mtu mzima wa kuzungumza naye kuhusu kilichoamuliwa pale mlimani. Mtu mzima anayevumilia huzuni na asiyeudhika na maandishi ya tafsiri chini ya kioo achukue ya Bayona, aitazame kwa mkao mmoja, kwa kuwa ina takribani saa mbili na nusu na ubaridi wake hujengeka taratibu. Kuikatakata kwa siku tatu kwenye simu huondoa kile kinachoifanya iwe bora, yaani kuchoka pamoja nao. Mwenye msiba wa karibu, hasa wa kijana, aiache kwa muda kwa sababu ya majina yale, na akitaka kisa cha kunusurika kinachobana bila kumrudisha kaburini, Apollo 13 inatosha.

Kwa nyumba yenye watoto wa shule ya msingi, Apollo 13 ndiyo ya kuanzia, na ndiyo yenye alama ya chini, PG. Thirteen Lives inafuata kwa wale wa miaka 12 kwenda juu, kwa sharti kwamba mzazi ajue mapema kuwa mzamiaji mmoja Mthai anakufa na kwamba watoto wanaonekana wamelazwa kama maiti wanapotolewa. Mtoto anayeogopa mahali pafinyu hataipenda hata akiambiwa wote wanapona. San Andreas na 2012 hazitaacha jeraha kwa walio wengi, ila mtoto anayeishi kwenye ukanda wa matetemeko, Bukavu au Bukoba kwa mfano, huenda akauliza usiku kama ardhi ya kwao nayo itafunguka. Hapo jibu la kweli linapatikana: ardhi hutikisika, na nyumba dhaifu ndizo zinazoua, lakini haiachami ikameza watu.